Mpangaji Akilazwa au Akifariki Ghafla: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba

Katika nyumba za kupanga kosa hili linarudiwa kila mara. Mpangaji anafariki, na kabla hajazikwa chumba chake kimeshaingiwa na watu watatu kwa nyakati tofauti. Mmoja ametoka na televisheni, mwingine na begi la nyaraka, na mwenye nyumba naye ametia kufuli lake akisema halifunguliwi mpaka kodi ilipwe. Baada ya matanga ndugu wanashutumiana, mjane analala kwa jirani, na jina la mwenye nyumba limeshafika kituoni kwa tuhuma za wizi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye nyumba au msimamizi wa nyumba Tanzania, hasa anayepangisha chumba kimoja kimoja au chumba na sebule. Msingi wake ni kutenganisha mambo matatu: mtu, vitu vyake, na deni lake. Kila moja lina wakati wake na mtu wa kuzungumza naye. Ukiyachanganya unawaumiza wafiwa, na mara nyingi unaikosa hata hiyo kodi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla tatizo halijatokea

- Daftari la wapangaji: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya NIDA, anapofanya kazi, na namba za ndugu wawili wasioishi pamoja naye. Muulize pia mtu wa kwanza kupigiwa akipatwa na jambo.
- Nakala ya mkataba na vishina vya risiti za kodi. Kama unapokea kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo.
- Namba za mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu. Namba ya dharura ya polisi ni 112.
- Kufuli jipya lenye funguo zake zote, ambalo halijawahi kutumika nyumbani hapo.
- Bahasha kubwa, kalamu isiyofutika, gundi ya karatasi, magunia safi na glavu.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha ya picha.

Namba za ndugu ndizo zinazokosekana mara nyingi. Wapangaji wengi hutoa namba ya rafiki aliyewaonyesha chumba, au ya dalali. Ziulize siku ya kukabidhi funguo, na uzipige hapo hapo ukiwa na mpangaji ili uhakikishe zinaita.

## Hatua ya 1: Mlango umefungwa kwa ndani na mtu haitiki

Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba aliye ndani bado yu hai, yaani unasikia kukoroma, kugumia au kitu kuanguka, au unaona moshi, vunja mlango mara moja. Usimsubiri mjumbe. Ita jirani mmoja awe nawe, vunja, fungua madirisha, kisha mtoe. Kama kuna jiko la mkaa ndani, fungua mlango na madirisha kwanza na usikae humo, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na humwangusha hata aliyeingia kuokoa.

Kama hujamwona kwa siku kadhaa na dalili zote ni za kifo, usivunje peke yako. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa na upige polisi, mlango ufunguliwe mbele yao. Kifo cha ghafla, au ambacho chanzo chake hakijulikani, ni jambo la polisi kwanza. Kabla hawajafika usimfunike, usimgeuze, usideki, usiokote chupa wala vidonge vilivyo sakafuni. Wenye huruma ndio huharibu hapa: wanaona aibu marehemu kukutwa vile, wanamweka vizuri, na uchunguzi unapotea.

Hatua hii imefanyika sawasawa kama unaweza kutaja saa mlango ulipofunguliwa, nani alikuwepo, na kwamba hakuna kilichotoka chumbani kabla ya polisi kuruhusu. Yaandike siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Amelazwa, yu hai

Aliyelazwa bado ni mpangaji wako, na chumba ni chake hata akiwa hajitambui. Huna ruhusa ya kuingia kwa sababu tu una ufunguo wa akiba.

Wapigie ndugu walioandikwa kwenye daftari. Sema wewe ni nani, mgonjwa yuko hospitali gani na wodi ipi, na nani yuko naye. Usitaje ugonjwa, hata kama umeusikia, kwa sababu hiyo ni siri yake na ya daktari. Kodi pia usiitaje katika simu hii.

Mara nyingi vitahitajika vitu: kadi ya bima, kitambulisho, dawa anazotumia, nguo, chaja. Kama mgonjwa anaweza kuzungumza, mwombe aseme mwenyewe kwa simu akitaja kitu na kilipo, jirani akisikia. Ingieni wawili, mchukue kilichotajwa tu, mfunge, kisha mwandike: tarehe, saa, kilichotoka, aliyekipokea. Kama hawezi kuzungumza, subiri mwenza wake au ndugu wa karibu, muingie naye pamoja na mjumbe.

Kulazwa kukizidi siku tano au sita, chakula kwenye friji na maji yaliyotuama vitaanza kunuka. Omba ruhusa ya kutoa vinavyooza tu. Piga picha kabla na baada.

Kodi ikiisha akiwa bado wodini, zungumza na ndugu mmoja, kwa faragha, nje ya hospitali. Mpe mambo mawili achague: mkataba uendelee na deni liandikwe pamoja na tarehe ya kuanza kulipa, au mgonjwa mwenyewe aamue kuachia chumba na amtaje kwa maandishi wa kuhamisha vitu. Kutoa vitu vya mgonjwa nje, au kumpangisha mtu mwingine huku yeye akiwa kitandani, ni kumfukuza mpangaji bila amri ya chombo chenye mamlaka. Deni la miezi miwili halikupi haki hiyo.

## Hatua ya 3: Kifo kimetokea, nani aambiwe na vipi

Usiandike ujumbe, na usiweke habari kwenye kundi la simu la wapangaji kabla familia haijajua. Piga. Anza na ndugu mtu mzima, kaka, mjomba au shangazi. Mke aliye safarini au mama mzee aliye peke yake kijijini usimpigie wewe; mwachie ndugu huyo amfikishie habari kwa namna ya kwao. Lakini usimdanganye unayezungumza naye. Ukimwambia mgonjwa amezidiwa tu huku yuko chumba cha maiti, ataanza kutafuta nauli na hela ya dawa, na familia itakosa muda wa kupanga mazishi.

Mweleze mambo matatu: mwili uko wapi, polisi wamehusika au la, na chumba kimefungwa mbele ya nani. Hilo la tatu linatuliza watu kuliko unavyodhani.

Kama amefia nyumbani kwa ugonjwa uliojulikana, taarifa huanzia kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ili familia ipate kibali cha mazishi. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti cha kifo hutolewa na RITA. Wakumbushe ndugu kukifuatilia, kwa sababu bila cheti hicho hatua ya mirathi huko mbele inakwama, na wewe utakwama nao.

Kama msiba unakaa hapo nyumbani, ruhusu turubai, maji na choo. Rambirambi yako toa kama jirani yeyote, wala usije ukaihesabu baadaye kwenye deni.

## Hatua ya 4: Funga chumba siku hiyo hiyo

Hapa nazungumzia mpangaji aliyekuwa anaishi peke yake. Aliyeacha mwenza au watoto ndani yumo kwenye hatua ya 6, na chumba chake hakifungwi.

Polisi wakishamaliza, au kama hawakuhitajika, weka kufuli jipya mbele ya mjumbe na jirani mmoja. Tia funguo zote za kufuli hilo kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, watu watatu mtie saini juu ya kifuniko, na bahasha ikae kwa mjumbe au ofisi ya mtaa. Usikae nayo wewe. Unayemdai marehemu ndiye utakayeshukiwa wa kwanza kitu kikipotea, na bahasha iliyoko kwa mtu mwingine ndiyo kinga yako.

Ndugu watahitaji vitu vichache mapema: nguo za kumvika, kitambulisho, kadi ya hospitali, pengine nyaraka za kazini. Funguo itolewe, mwingie na ndugu huyo na mjumbe, mtoe hivyo tu, asaini, bahasha mpya ifungwe.

Simu ya marehemu. Ikiita, pokea. Usijaribu kuifungua, na usikubali mtu atoe fedha kwenye akaunti ya simu hata kama anaijua namba ya siri na anasema ni za jeneza. Fedha hizo ni mali ya mirathi, na kumbukumbu za kampuni ya simu zitaonyesha saa zilipotoka. Zima simu, itie kwenye bahasha yake, saini juu.

## Hatua ya 5: Andika orodha ya vitu

Orodha iandikwe ndugu wakiwepo, kwa kawaida baada ya mazishi. Wawepo angalau ndugu mmoja, mjumbe, na jirani asiye na udugu na yeyote. Kabla ya kugusa kitu, piga picha ya chumba kizima ukiwa mlangoni, kisha kila kona.

Andika kwa sifa zinazoonekana. "Televisheni ya bapa, nyeusi, inchi 32, ina ufa kona ya chini kulia" inamlinda kila mtu. "Televisheni 1" haimlindi yeyote. Pete au mkufu wa njano andika "wa rangi ya dhahabu", kwa kuwa hujui kama ni dhahabu. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili kwa sauti na ziandikwe kwa noti: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi. Nyaraka ziandikwe kwa majina yake bila kuzisoma: kadi ya benki, hati ya kiwanja, barua. Utakutana na mambo ya siri, dawa, picha, barua za mtu mwingine. Yatie kwenye bahasha, yafungwe, asome wa kwao akipenda.

Angalia pia vitu visivyo vya marehemu. Fundi cherehani huwa na vitambaa vya wateja, fundi simu ana simu za watu, mwanakikundi anaweza kuwa ametunza fedha za kikoba. Vitengee mstari: "vinavyodaiwa kuwa vya watu wengine". Usimkabidhi anayekuja kudai. Mpeleke kwa familia.

Orodha iwe na nakala tatu, kila ukurasa usainiwe na wote: moja ya familia, moja ya ofisi ya mtaa, moja yako. Ikiwa mtu aliyekosekana siku hiyo anaweza kuisoma na kukitambua kila kitu, orodha imekamilika.

## Hatua ya 6: Ameacha mjane au watoto ndani

Usiweke kufuli. Nyumba hiyo ni makazi yao, na kodi iliyolipwa ililipwa kwa ajili yao pia.

Hatari hapa hutoka kwa ndugu wa marehemu wanaofika na gari wakitaka "kuchukua vitu vya ndugu yetu". Huna mamlaka ya kuwagawia, na mjane halazimiki kuwafungulia. Waambie kwamba hakuna kitu kitakachotoka getini kabla hajapatikana msimamizi wa mirathi. Wakilazimisha, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Kama mjane ni Mwislamu, kuna eda ya miezi minne na siku kumi (ikiwa ni mjamzito, mpaka ajifungue), na kawaida huikaa nyumbani alimokuwa akiishi na mumewe. Panga mazungumzo ya kodi ukilijua hilo. Mkataba uliokuwa kwa jina la mume unaweza kuandikwa upya kwa jina lake, kwa kodi ile ile, mkiwa mmetulia. Usimsainishe siku za matanga, kwa sababu aliyefiwa husaini lolote analoletewa.

## Hatua ya 7: Nani akabidhiwe vitu

Anayelia sana si lazima awe ndiye mwenye haki, wala aliyefika wa kwanza. Kwa kawaida ukoo hukaa kikao baada ya msiba na kumpendekeza mtu, muhtasari wa kikao ukasainiwa. Muhtasari huo hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, kwa mirathi nyingi Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Barua ya uteuzi wa mahakama ndiyo inayokukinga. Muhtasari peke yake ni pendekezo la familia.

Najua familia nyingi haziendi mahakamani kwa godoro na jiko la gesi, na kuzuia vitu hivyo kwa miezi ni kuwatesa watu bure. Maoni yangu ni haya: vitu vya kawaida vya nyumbani vinaweza kukabidhiwa kwa aliyetajwa kwenye muhtasari, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikiwa hakuna hata ndugu mmoja aliyepinga. Fedha, simu, hati za ardhi, kadi za benki, pikipiki au gari visubiri barua ya mahakama. Akitokea mmoja tu anayepinga, kila kitu kinasubiri.

Siku ya makabidhiano soma orodha kwa sauti, kitu kikitoka kiwekewe alama. Mwishoni andika hati fupi: "Mimi fulani, kwa mamlaka ya barua ya mahakama ya tarehe fulani, nimepokea vitu vyote vilivyo kwenye orodha hii, na chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba leo." Saini, mashahidi, nakala ya kitambulisho.

## Hatua ya 8: Hesabu ya kodi

Mkataba haufi pale pale mpangaji anapofariki. Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), ahadi za mtu huwafunga wawakilishi wake baada ya kifo, isipokuwa mkataba wenyewe unaonyesha vinginevyo. Kwa hiyo deni lipo, lakini ni la mirathi. Si la mjane binafsi, wala la kaka aliyekuja kuzika. Kwa utaratibu, gharama za mazishi hutangulia, yanafuata madeni, kisha ndipo warithi wanagawana. Katika mirathi ya Kiislamu mpangilio ni huo huo, na wasia ukiwepo huja baada ya madeni.

Kwenye mazishi mengi msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu amwone fulani. Lisikie jina hilo na ulikumbuke, lakini usiende siku hiyo. Peleka dai lako baada ya matanga, kwa karatasi, na nakala za risiti.

Tuchukue mfano. Chumba na sebule ni Sh 100,000 kwa mwezi. Mpangaji alilipa mpaka 31 Machi, akafariki 10 Juni, na familia imekabidhi chumba 30 Juni. Anadaiwa Aprili, Mei na Juni: Sh 300,000. Sehemu yake ya bili ya maji ni Sh 18,000, jumla 318,000. Aliacha amana ya Sh 100,000 kwako. Dai lako ni Sh 218,000. Julai huihesabu, maana chumba unacho.

Sasa geuza mfano, kwa sababu katika miji yetu kodi hulipwa miezi sita mbele na hali hii hutokea sana. Amelipa Sh 600,000, Machi mpaka Agosti, akafariki tarehe hiyo hiyo 10 Juni, chumba kikarudi 30 Juni kwa makubaliano. Julai na Agosti, Sh 200,000, ulishazipokea. Ukipangisha mwingine kuanzia 1 Julai, umechukua kodi ya miezi hiyo mara mbili. Toa maji Sh 18,000, rudisha Sh 182,000 na amana kama ilikuwepo, na umpe msimamizi kwa risiti. Familia isipotaka kurudisha chumba, ina haki ya kukitumia mpaka 31 Agosti.

Miezi ambayo wewe ndiye uliyezuia vitu visitoke usiidai. Huwezi kufunga mlango kwa kufuli lako kisha ukatoza kodi ya chumba hicho. Na usiuze kitu chochote kufidia deni, hata feni: kuuza mali ya marehemu bila kuwa msimamizi ni kuingilia mirathi, na utatakiwa kurudisha thamani yake. Msimamizi akilikataa dai lenye risiti, pa kuanzia ni mahakama iliyomteua. Yeye anatakiwa kuwasilisha huko orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kwa hiyo hakikisha dai lako limemfikia kabla.

Kama deni ni dogo na umeamua kulisamehe, lisamehe kwa maandishi. Msamaha wa mdomo husahauliwa, na mwanao anaweza kuja kuwadai watoto wa marehemu.

## Hatua ya 9: Hakuna ndugu anayetokea

Tumia kwanza njia zilizopo: mwajiri wake, msikiti au kanisa lake, watu wa kikundi chake, ofisi ya kijiji alikotoka. Polisi pia husaidia kutafuta ndugu. Kama ni raia wa nchi nyingine, taarifa ipelekwe ubalozi wake kupitia polisi.

Ikishindikana, mali isiyo na mwenyewe haiwi yako kwa kukaa muda mrefu chumbani kwako. Mwandikie Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA, kupitia mwenyekiti wa mtaa, ukiambatanisha orodha, picha na dai lako la kodi. Yeye ana mamlaka ya kusimamia mirathi ambayo hakuna wa kuishika. Wakati unasubiri majibu na unahitaji chumba, omba ofisi ya mtaa ishuhudie kuhamisha vitu kwenye stoo kavu yenye kufuli, viroba vikiwa na namba zinazolingana na orodha. Barua yako ya maombi na jibu lao vikae kwenye faili moja na mkataba wa marehemu, hata baada ya mpangaji mpya kuingia.